Pivoti inagoma kwenye Excel ya Kifaransa: dalili, chanzo na pa kubonyeza

Watu wengi waliojifunzia Excel ya Kiingereza Dar, Mwanza au Nairobi wakipata kazi Bujumbura, Goma au Lubumbashi wanakuta kompyuta ya ofisi iko Kifaransa mwanzo mwisho, na mtu anayeijua pivoti vizuri tu anakaa mbele ya skrini anatafuta alipozoea kubonyeza hapaoni. Habari njema ni kwamba Excel haibadilishi mpangilio wa vitu ikitoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Habari mbaya ni kwamba lugha yenyewe huwa sio shida kubwa, shida kubwa ni namba, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine manake ndo panapoharibu ripoti bila kelele.

Nitatumia mfano mmoja. Tuseme una faili la mauzo kutoka vituo vitatu, limetengenezwa Kigoma kwenye kompyuta ya Kiingereza likatumwa Bujumbura kama .csv. Ndani yake liko hivi:

```
Tarehe,Kituo,Bidhaa,Kiasi
02/03/2024,Kigoma,Sabuni,"1,250.50"
02/03/2024,Kigoma,Mafuta,840
02/03/2024,Uvira,Sabuni,"2,100"
02/03/2024,Uvira,Mafuta,675.25
02/03/2024,Bujumbura,Sabuni,"1,980"
02/03/2024,Bujumbura,Mafuta,910.75
```

Ukijumlisha kwa kichwa au kwa kikokotoo Kigoma ni 2,090.50, Uvira 2,775.25, Bujumbura 2,890.75, jumla kuu 7,756.50. Shika hizo namba, tutazirudia.

Kwanza ujue pa kuangalia. Pivoti kwa Kifaransa inaitwa "Tableau croisé dynamique", iko kwenye tabo ya "Insertion", kitufe cha kwanza kabisa kushoto, kama ulivyozoea. Ukishaitengeneza, kulia inatokea paneli yenye kichwa "Champs de tableau croisé dynamique". Juu kuna orodha ya majina ya kolamu zako na viboksi vya kutiki, chini kuna visanduku vinne: juu kushoto "Filtres", juu kulia "Colonnes", chini kushoto "Lignes", chini kulia "Valeurs". Nafasi hizo ni zile zile za Excel ya Kiingereza, kwa hiyo kama unajua kwamba kitu cha kujumlishwa kinaenda chini kulia huna haja ya kukariri neno.

Dalili: paneli haionekani

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba umebonyeza seli nje ya pivoti. Paneli inajificha yenyewe ukitoka, inarudi ukibonyeza seli yoyote ndani ya pivoti, na tabo zake za juu nazo zinakuja na kuondoka hivyo hivyo.

Ukiwa ndani na bado haipo basi kuna mtu aliifunga kwa ile X. Bonyeza kulia juu ya pivoti, shuka mpaka mstari wa mwisho wa menyu, utaona sentensi inaanza na neno "Afficher" na mwisho wake "champs", bonyeza hapo. Kama inaanza na "Masquer" basi paneli iko wazi mahali fulani na hujaiona, mara nyingi mtu aliing'oa kutoka ubavuni ikabaki inaelea, na kama ofisini mnatumia skrini mbili huenda iko kwenye ile nyingine. Bonyeza "Masquer" afu rudia ifungue upya, na ukiikuta inaelea bonyeza mara mbili kichwa chake itarudi ubavuni.

Na kama ukibonyeza kulia huoni kabisa hiyo mistari, wala tabo za pivoti hazitokei juu, basi unachokiangalia si pivoti tena. Mtu alikopi akabandika kama thamani tupu. Hapo usihangaike, muombe aliyekutumia faili lenyewe la asili.

Dalili: paneli ipo lakini visanduku vinne havipo, au unaburuta na hakuna kinachobadilika

Hizi ni mbili tofauti ila zote zinatoka ndani ya paneli. Visanduku vikipotea angalia alama ya gia upande wa juu wa paneli, ukiifungua kuna michoro mitano ya namna ya kupanga paneli, chagua wa kwanza, utarudishiwa orodha juu na visanduku chini. Huna haja ya kusoma maneno yake, michoro inajieleza.

Ukiburuta na jedwali limekauka tu, shuka chini kabisa ya paneli, kuna kiboksi kimeandikwa "Différer la mise à jour de la disposition". Kikiwa na tiki maana yake Excel inasubiri umalize kupanga ndo ibadilishe jedwali, na itasubiri mpaka ubonyeze "Mettre à jour" pembeni yake. Kwenye data kubwa sana hiki kiboksi kinasaidia, kwa anayeanza kinachanganya tu. Toa tiki.

Dalili: orodha ina jina moja tu refu

Hii ndo ya kwanza kukutana nayo na lile faili letu. Unalifungua kwa kubonyeza mara mbili, unatengeneza pivoti, kwenye orodha unaona jina moja: "Tarehe,Kituo,Bidhaa,Kiasi". Lote pamoja na mikato yake.

Chanzo ni mipangilio ya eneo kwenye Windows. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa inatumia mkato kama alama ya desimali, yaani elfu moja mia mbili hamsini na nusu inaandikwa 1 250,50, na kwa sababu mkato umeshachukuliwa na desimali faili za .csv inategemea zitenganishwe kwa nukta mkato. Faili la Kigoma limetenganishwa kwa mkato wa kawaida kwa hiyo Excel haioni mpaka wowote, inamwaga mstari mzima kwenye kolamu A. Angalia fomula pia, ndo maana hapo ofisini zinaandikwa na nukta mkato katikati badala ya mkato.

Dawa yake tunaipata kwenye dalili inayofuata, manake ukiitibu hii haraka haraka unazalisha ile mbaya zaidi.

Dalili: unatiki Kiasi inaenda "Lignes", au inasema "Nombre de Kiasi"

Watu wengi wakiona kila kitu kiko kolamu A wanakwenda "Données", wanabonyeza "Convertir", wanachagua mkato, wanabonyeza "Terminer" na kolamu nne zinatokea safi. Pivoti sasa ina majina manne kwenye orodha. Wanatiki Kituo inaingia "Lignes" sawa, wanatiki Kiasi na yenyewe inaingia "Lignes" chini ya Kituo, jedwali linakuwa refu la ajabu.

Hapo Excel inakuambia kitu. Ukitiki kolamu yenye namba tupu inaenda "Valeurs" yenyewe, ukitiki kolamu yenye maandishi ndani yake inaenda "Lignes". Kwa hiyo Kiasi chako kina maandishi. Ukilazimisha kwa kuburuta mpaka "Valeurs" inaandika "Nombre de Kiasi", yaani inahesabu mistari, na jedwali linatoka Kigoma 2, Uvira 2, Bujumbura 2, "Total général" 6.

Hapa ndo mtu anafanya kosa la kufuata maelekezo ya mtandaoni nusu. Anabonyeza "Nombre de Kiasi" kwenye kisanduku cha "Valeurs", anachagua mstari wa mwisho wa menyu "Paramètres des champs de valeurs", anaweka "Somme" badala ya "Nombre", OK. Jedwali sasa linasema:

```
Bujumbura      1,98
Kigoma       840
Uvira          2,1
Total général  844,08
```

Na linapendeza, halina alama ya kosa popote, ila mauzo ya 7,756.50 yamekuwa 844,08.

Tuangalie mstari kwa mstari kilichotokea. 840 haina nukta wala mkato, imepita salama. 675.25 na 910.75 zina nukta, na kwa mipangilio ya Kifaransa nukta si desimali, Excel ikaona hayo ni maandishi ikayaacha, na "Somme" inaruka maandishi kimya kimya. 1,250.50 ina vyote viwili, nayo ikawa maandishi. Hizo angalau utaziona ukirudi kwenye shiti ya data, zimekaa upande wa kushoto wa seli wakati namba zinakaa kulia. Lakini 2,100 na 1,980 ndo za hatari, manake Excel ilizikubali kama namba, mkato ikausoma kama desimali, elfu mbili na mia moja ikawa mbili na nukta moja. Zimekaa kulia kama namba za halali na pivoti haina njia ya kujua.

Kujipima andika fomula mbili kwenye seli tupu pembeni ya data:

```
=NBVAL(D2:D7)
=NB(D2:D7)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye chochote, ya pili zenye namba tu. Hapa itatoka 6 na 3, tofauti ya tatu ni zile zilizogeuka maandishi. Ila zikilingana usishangilie bado, weka na `=MIN(D2:D7)` uone namba ndogo kuliko zote. Ikitoka 1,98 kwenye mauzo ya sabuni ya jumla unajua pale pale kuna elfu zimeliwa. Mimi hii ya MIN naiona bora kuliko zote, inachukua sekunde na inakamata ile ambayo macho hayaikamati.

Sasa dawa. Usijaribu kurekebisha juu ya hiyo data iliyoharibika, kuzidisha 2,1 kwa elfu moja moja utakosea, manake kuna namba nyingine ilikuwa na desimali ya kweli na huwezi kuzitofautisha tena. Funga bila kusevu, fungua .csv upya, kila kitu kitakuwa kolamu A kama mwanzo na hapo namba zako bado ni nzima kwa sababu ni maandishi tu. Chagua kolamu A yote, nenda "Données", "Convertir". Dirisha la hatua ya kwanza chagua "Délimité", "Suivant". Ya pili tiki "Virgule", na hakikisha alama ya kufunga maandishi ni zile nukta mbili za juu (") ili "1,250.50" isikatwe katikati, "Suivant".

Hatua ya tatu ndo ile watu wanairuka. Kuna kitufe "Avancé...". Ukikifungua kinauliza alama ya desimali na alama ya kutenga maelfu, na zimeshawekwa za Kifaransa. Weka nukta kwenye desimali, mkato kwenye maelfu, OK. Hapa unaiambia Excel namba zinazoingia zimeandikwaje, haibadilishi kompyuta yako. Ukiwa hapo hapo bonyeza kolamu ya tarehe kwenye picha ya chini uchague "Date" na "JMA", yaani siku, mwezi, mwaka. Faili likitoka kwenye mfumo unaoandika kwa Kimarekani ungechagua "MJA". Afu "Terminer".

Sasa Kiasi kinaonekana 1250,5 na 840 na 2100 na 675,25, zote upande wa kulia. Ukitengeneza pivoti mpya na kutiki Kiasi inakwenda "Valeurs" yenyewe inaandika "Somme de Kiasi", na "Total général" ni 7756,5. Kama pivoti ilikuwepo tayari na umerekebisha tu data chini yake, bonyeza ndani yake Alt+F5 kuisasisha, hiyo shotikati inafanya kazi lugha yoyote, ila jua kwamba "Nombre" haitageuka "Somme" yenyewe, lazima uibadilishe kwa mkono.

Kuna mtu atasema si ubadili tu lugha ya Excel iwe Kiingereza mambo yaishe. Inawezekana, "Fichier", "Options", "Langue", kama pakiti ya lugha ipo na una ruhusa. Lakini hiyo inabadili menyu tu. Alama za namba Excel inazichukua Windows, kwa hiyo unaweza kuwa na Excel ya Kiingereza inayokula maelfu vile vile, na sasa huna hata onyo. Ukitaka kubadili alama ndani ya Excel peke yake ziko "Options avancées", unatoa tiki "Utiliser les séparateurs système" unaweka zako. Sipendi sana njia hii kwenye kompyuta ya kushirikiana, mwenzako wa zamu ya mchana atafungua faili lake la Kifaransa na yeye atapata msiba ule ule kinyume chake.

Dalili: inakataa kabisa kutengeneza, inatoa ujumbe mrefu

Ukisoma mwanzo "Le nom du champ de tableau croisé dynamique n'est pas valide" usitafsiri mpaka mwisho. Kuna kolamu kwenye eneo ulilochagua haina kichwa, basi. Mara nyingi ni kolamu tupu kati ya mbili zenye data, au mtu aliunganisha seli za vichwa ili vipendeze. Jaza vichwa vyote, tenganisha seli, jaribu tena.

Dalili: data mpya haionekani kwenye pivoti

Tuseme kituo cha Rumonge kimeanza, umeongeza mistari yake chini ya ile sita. Umebonyeza Alt+F5, Rumonge haipo. Kuna vyanzo viwili na unavitofautisha kwa kuangalia eneo la data ambalo pivoti inasoma kwanza, afu filta.

Cha kwanza, pivoti bado inasoma eneo la zamani. Kwenye tabo ya pivoti kuna "Changer la source de données", ukibonyeza itakuonyesha kitu kama $A$1:$D$7. Mstari wa 8 uko nje. Unaweza kuvuta eneo lifike chini, lakini kila mwezi utarudia, bora ubonyeze ndani ya data, Ctrl+L, uikubali iwe jedwali rasmi ambalo Excel italiita "Tableau1", na kwenye chanzo cha pivoti uandike hilo jina. Jedwali linakua na pivoti inalifuata.

Cha pili ni kijanja zaidi na kinatoka kwenye filta. Siku moja ulikuwa na mstari mtupu kwenye data, pivoti ikaonyesha "(vide)", ukafungua kamshale ka "Étiquettes de lignes" ukatoa tiki ya "(vide)" ili ripoti iwe safi. Kuanzia hapo Kituo kina filta ya mkono, na kawaida ya Excel ni kwamba kitu kipya kikija kwenye kolamu yenye filta ya mkono kinaingia bila tiki. Rumonge imo, iko kwenye orodha ya filta, ila haina tiki. Fungua kamshale utaiona.

Ili isijirudie, bonyeza kulia kwenye jina lolote la kituo ndani ya pivoti, "Paramètres de champ", na kwenye tabo ya kwanza chini ya sehemu ya filta weka tiki "Inclure les nouveaux éléments dans le filtre manuel". Ukitaka kuondoa filta kabisa, kwenye kamshale kuna mstari unaanza na "Effacer le filtre". Na usidanganyike kwamba ukiitoa Kituo kwenye "Lignes" filta inakufa. Angalia orodha ya juu kwenye paneli, pembeni ya jina Kituo utaona kialama kidogo cha faneli, maana yake filta imehifadhiwa na itarudi siku utakapoirudisha kolamu hiyo.

Dalili: unafungua filta unaona vitu sivyo

Ukiweka Kituo na Bidhaa zote kwenye "Lignes" zinakaa kolamu moja na zinapata kamshale kamoja tu. Ukikafungua unaona vituo, unatafuta Sabuni hamna. Juu kabisa ya menyu kuna "Sélectionner un champ", hapo ndo unachagua unafilta kipi, weka Bidhaa.

Kwa kolamu iliyo kwenye kisanduku cha "Filtres" hali ni tofauti kidogo, inakaa juu ya jedwali ikionyesha "(Tous)". Ukichagua kituo kimoja inaandika jina lake, ukitiki "Sélectionner plusieurs éléments" na kuchagua viwili inaandika "(Plusieurs éléments)" na haisemi ni vipi. Ukiprinti ripoti hiyo bosi hatajua umeacha nini nje, kwa hiyo kama unafilta zaidi ya kimoja hamishia kolamu hiyo "Lignes" ili majina yaonekane.

Na ikiwa kwenye filta kuna majina yasiyokuwepo tena kwenye data, mfano mtu aliandika "Uvirra" ukarekebisha lakini bado linajitokeza, hiyo ni kumbukumbu ya pivoti. Bonyeza kulia ndani yake, "Options du tableau croisé dynamique", tabo "Données", kwenye "Nombre d'éléments à retenir par champ" badili "Automatique" iwe "Aucun", OK, afu Alt+F5. Jina likibaki hata baada ya hapo, liko kweli kwenye data, litafute kwa Ctrl+F, na kama ukiliona linafanana kabisa na lingine angalia nafasi tupu mwishoni mwa neno.